Mada: Ripoti ya thamani ya nyumba ya wageni Lindi imerudishwa – naomba ushauri

Kutoka: Binti wa Mtanda, Muscat

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu nawasalimu. Mnakumbuka kwamba familia yetu imekubaliana kuiuza nyumba ya wageni aliyoiacha marehemu baba pale Lindi mjini, yenye vyumba 14. Mnunuzi amepatikana, TIN na karatasi za BRELA ziko sawa, lakini anategemea mkopo, na ofisi ya mikopo ya benki yake imeirudisha ripoti ya mthamini wetu ikiwa na maneno matano ya kalamu nyekundu: “Thamani ya ukomo ithibitishwe upya.” Nimepiga simu mara tatu, na kila mara napokelewa na mtu mwingine anayeniambia nisubiri. Ripoti inasema biashara ina thamani ya shilingi milioni 833, ilhali mnunuzi anataja 150. Je, benki inataka nipeleke nini hasa?

Kutoka: Mjomba wa Kilwa, Leicester

Marahaba, binti yangu. Ninyi vijana mnapenda hesabu ndefu. Mimi niliuza duka langu la vipuri Kariakoo kwa mara tatu ya faida ya mwaka, na jirani yangu akauza lake kwa bei hiyo hiyo bila mthamini. Chukua faida yenu, zidisha kwa tatu, umemaliza. Hayo ya kukisia fedha za miaka isiyofika ni ramli.

Kutoka: Mkazi wa Ndanda, Dubai

Poleni na msiba. Kwa uzoefu wangu, kwanza hakikisheni fomu za mirathi zimepigwa muhuri na mahakama, kwa sababu sisi tulikwama miezi minane kwenye shamba la mikorosho kwa kukosa sahihi ya ndugu mmoja tu.

Kutoka: Binti wa Mtanda, Muscat

Ahsante kaka, lakini mirathi ilikwisha mwaka jana. Naulizia ripoti. Mjomba, faida ni milioni 50 kwa mwaka, kwa mujibu wa daftari la wageni na risiti za umeme. Mdogo wangu ndiye anayeisimamia, halipwi mshahara, anakula na kulala hapo hapo. Mthamini ameweka ukuaji wa asilimia 12 kila mwaka bila kikomo kwa sababu ya mradi wa gesi wa Likong’o, na kiwango cha punguzo, yaani cha kushusha fedha za miaka ijayo kuwa thamani ya leo, cha asilimia 18.

Kutoka: Shangazi wa Newala, Toronto

Mwanangu, nimefanya kazi hii ya kukokotoa thamani za biashara ndogo kwa miaka mingi, na hapo kwenye 12 na 18 ndipo kalamu nyekundu ilipodondokea. Katika ile milioni 833, fedha za miaka mitano ya mwanzo, zikishapunguzwa kuwa thamani ya leo, zinafika takriban milioni 191 tu, na milioni 642 zote zilizobaki ni thamani ya ukomo, yaani miaka ambayo hakuna aliyeiona. Hesabu yake ni ya mstari mmoja, fedha za mwaka unaofuata hiyo mitano zikigawanywa kwa tofauti kati ya punguzo na ukuaji, kisha jibu likapunguzwa kuwa thamani ya leo, na tofauti hiyo kwenu ni asilimia 6 tu, nyembamba kama uzi wa nyavu. Ukishusha ukuaji hadi 11, milioni 119 zinayeyuka, na hakuna kitanda hata kimoja kilichohama chumbani. Isitoshe, biashara inayokua kwa asilimia 12 milele, katika nchi ambayo mfumuko wa bei wa miaka ya karibuni umekuwa karibu asilimia 3, ingefika siku ikawa kubwa kuliko uchumi wote wa Tanzania, jambo ambalo vyumba 14 haviwezi.

Kosa la pili limejificha ndani ya ile milioni 50. Mnunuzi hatakuwa na mdogo wako wa kumfanyia kazi bure. Toa milioni 12 za meneja, zinabaki 38. Magodoro, viyoyozi, jenereta na rangi vinataka kubadilishwa, nami ninakadiria milioni 8 kwa mwaka, zikilingana na uchakavu. Kodi ya kampuni ya asilimia 30 juu ya 30 iliyobaki ni milioni 9. Fedha anazoweza kweli kuzitia mfukoni ni milioni 21. Kwa punguzo la asilimia 20, kwa kuwa biashara ndogo ya mji mmoja ina hatari kuliko mkopo wa benki, na ukuaji wa asilimia 5, thamani ni milioni 140, na ukomo ni kama nusu yake. Hapa ukigeuza ukuaji kuwa 4 au 6 unapata 131 au 150; yaani jengo la hesabu halitikisiki sana.

Kutoka: Mjomba wa Kilwa, Leicester

Mara tatu ya 50 ni 150. Nilisema nini?

Kutoka: Shangazi wa Newala, Toronto

Kaka, umefika mlangoni kwa njia ya vichakani. Ile mara tatu ya Kariakoo ilipigwa kwenye faida ambayo haikuwa imetoa mshahara wako, kwa hiyo inazidisha 50 na si 38. Ukiipiga kwenye 38 unapata 114, na mnunuzi mjanja atakufanyia hivyo hivyo huku akikusifia uzoefu wako. Halafu duka la vipuri lina bidhaa zinazouzika kesho. Nyumba ya wageni ina usiku ambao ukipita bila mgeni haurudi. Nitaamini kizidishio kilichotoka kwenye nyumba mbili tatu za wageni zilizouzwa Lindi au Mtwara, hata kama ni chache, kuliko cha Dar es Salaam.

Kutoka: Mkazi wa Ndanda, Dubai

Kuhusu gesi naomba nisikilizwe. Mwaka 2014 nilinunua nyumba ya wageni Shangani, Mtwara, kwa bei iliyopimwa kwa faida ya wakati wa ujenzi wa bomba, vyumba vikilala wafanyakazi hadi koridoni. Bomba lilikamilika 2015, watu wakaondoka, nami nikabaki na viyoyozi 20 na mlinzi anayesinzia. Bei ilikuwa imezidisha mwaka mmoja wa neema kana kwamba ndio desturi. Makubaliano ya awali ya mradi wa Likong’o yalisainiwa Juni 2022, na mimi bado nasubiri wageni wake.

Kutoka: Shangazi wa Newala, Toronto

Kwa mara ya kwanza leo ndugu yetu ameongea ndani ya mada. Gesi isiingizwe kwenye ukuaji wa milele. Iandikwe hesabu ya pembeni, mradi ukianza mwaka fulani na usipoanza, kila moja na uwezekano wake, benki ione. Lakini binti, kuna swali hujalijibu. Je, mnauza biashara pamoja na kiwanja na jengo, au mnamkodisha mnunuzi jengo? Kama ni kukodisha, kodi ya pango lazima itolewe kwenye ile 21, na sijui kitabaki nini. Kama kiwanja kinauzwa pamoja, na kiwanja peke yake kinazidi milioni 140, basi mnauza ardhi iliyobeba vitanda, na hesabu yetu yote hii inakuwa na kazi nyingine.

Kutoka: Mjomba wa Kilwa, Leicester

Mbona mimi ningeweka ukuaji sifuri ili kuwa salama?

Kutoka: Shangazi wa Newala, Toronto

Hapana. Ile asilimia 20 tayari imebeba mfumuko wa bei. Ukiuondoa kwenye ukuaji huku umeuacha kwenye punguzo, unamwadhibu muuzaji mara mbili, na unaishia 105.

Kutoka: Binti wa Mtanda, Muscat

Ahsanteni sana. Kiwanja kina hati kwa jina la baba, na ndugu wawili hawataki kukiuza. Leo nimepiga simu tena benki kuuliza wanakubali ukuaji wa asilimia ngapi; nimeambiwa mhusika yuko likizo, nijaribu wiki ijayo.