Tupeane uzoefu: umeitwa urudie picha za matiti, ripoti inasema BI-RADS 0

Mama Pacha (mwanzisha uzi): Wadau, wiki iliyopita nilipiga mamogramu. Jana nimepigiwa simu nirudi, titi la kushoto linahitaji picha za ziada. Ripoti ina BI-RADS 0. Sijalala. Mliopitia hili, ilikuwaje?

Chaupele: Sifuri si sifuri dada? Hakuna kitu hapo. Wanatafuta hela.

Bibi Mstaafu: Hapana, mwanangu. BI-RADS ni namba za majibu ya picha za matiti, asiye na kitu hupewa 1. Sifuri ni kwamba daktari wa picha hajafikia jibu. Kuna mahali hajapaona sawasawa, au anataka picha zako za zamani alinganishe. Kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu. Kila titi hupigwa picha mbili, moja kutoka juu, nyingine kwa mshazari. Likibanwa, nyama za ndani hulaliana na kutoa kivuli kinachofanana na uvimbe. Pacha, chako kimeonekana picha ngapi?

Mama Pacha: Imeandikwa moja, ya mshazari.

Bibi Mstaafu: Basi watabana sehemu ile tu kwa kibao kidogo. Nyama zilizolaliana zitatawanyika, kivuli kitapotea. Uvimbe wa kweli hubaki palepale na kingo zake huonekana vizuri zaidi. Mara nyingi wanamalizia na altrasaundi. Siku hiyo usipake dawa ya kwapa wala poda, chembe zake hutokea kwenye picha kama chokaa.

Nuru77: Mimi walinirudisha kwa hivyo vidoa vya chokaa. Wakavikuza, nikapewa 3. Nikaambiwa uwezekano wa saratani hauzidi 2 kwa 100, nirudi baada ya miezi 6. Nilirudi ya 11, na maneno nikayapata!

Salma K: Yangu imeandikwa C. Ni hatua ya tatu ya saratani??

Bibi Mstaafu: Herufi peke yake, A mpaka D, inasema titi lina nyama nzito kiasi gani. C ni nzito, kwa hiyo kitu kidogo kinaweza kujificha. Tafuta namba, iko mwishoni mwa ripoti.

Salma K: Ni 2. Kumbe nimelia bure.

Chaupele: Shangazi yangu alipewa 4, tukaanza kuchanga za matibabu. Wakatoa kinyama kwa sindano, hakikuwa saratani.

Bibi Mstaafu: 4 ina upana mkubwa. 4A uwezekano hauzidi 10 kwa 100, 4C umeshapita nusu. Muulize shangazi ilikuwa herufi gani.

Mama Pacha: Nimerudi, jamani. Walibana, kivuli kimetawanyika. Altrasaundi haikuona kitu. Sasa ni 1.

Nuru77: Alhamdulillah. Bibi, mie juzi nimepapasa kijivimbe upande uleule wa 3. Kipimo changu kingine bado miezi 4, ningoje?

Bibi Mstaafu: Usingoje. Ile 3 ilihusu vidoa vilivyoonekana siku ile, hicho kijivimbe hakikuwemo. Nenda wiki hii.