Model 3 ya 2020 yenye hita ya waya au ya 2021 yenye pampu ya joto?

Mwana_Pangani:
Wakuu, nipo Norwe. Nimepata Tesla Model 3 mbili, zote mitumba, betri za ukubwa mdogo. Ya 2021 imeizidi ya 2020 kwa kroni 35,000, na muuzaji anasema tofauti kubwa ni pampu ya joto. Ya 2020 inapasha kwa hita ya waya. Nataka kutoa jibu kabla ya Ijumaa. Hiyo pampu ina maana au ni maneno ya biashara?

Fundi_Barafu:
Norwe ipi, mkuu? Bergen ni mvua, Karasjok ni kifo. Gari inalala ndani au nje? Kazini ni kilomita ngapi? Unachaji nyumbani? Hayo hujasema hata moja.

Shangazi_Wa_Malmö:
Mdogo wangu, chukua yenye pampu, usihangaike. Inatoa joto mara tatu ya umeme inaokula. Mara tatu! Hita ya waya ikila kilowati moja inakupa hiyo hiyo moja.

Kiti_Moto:
Mara tatu kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri? Joto la kuchota liko wapi hapo? Mimi nawasha kiti na usukani, feni naiweka chini kabisa, nafika. Pesa iliyobaki nanunua matairi ya barafu.

Fundi_Barafu:
Joto lipo, Kiti Moto. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni baridi kwako, kwa gesi ya kwenye mfumo ni moto. Gesi inayotumika kwenye magari mengi sasa, R1234yf, huchemka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa. Ikipita kwenye valvu nyembamba mgandamizo unashuka, inapoa kuliko hewa ya nje, kwa hiyo hewa ndiyo inayoipa joto mpaka inageuka mvuke. Kompresa inaukamata huo mvuke na kuukandamiza, unakuwa moto sana, halafu unaachia joto lake ndani ya gari na kurudi kuwa majimaji. Ni friji ile ile, ila wewe umekaa upande wa nyuma wake. Umeme unaisukuma kompresa tu. Joto jingi limetoka nje.

Shangazi naye amesema kweli nusu. Mara tatu ni kwenye nyuzi 5 au 10 juu ya sifuri. Baridi ikizidi, mvuke unaorudi kwenye kompresa unakuwa mwepesi, kila mzunguko unabeba joto kidogo, na kompresa inakandamiza kwa kazi kubwa zaidi. Ikikaribia sifuri ni kama mara mbili. Nyuzi 15 au 20 chini, faida inaanza kuyeyuka. Na hewa ikiwa na unyevu, rejeta ya mbele inashika barafu, mfumo unalazimika kusimama kuiyeyusha.

Leaf_Ya_Ruaka:
Samahani kuingilia. Nina Nissan Leaf hapa Nairobi, betri inapata moto nikichaji kwa chaja ya kasi. Nikitafuta iliyo na hiyo pampu itanipoza betri?

Fundi_Barafu:
Hapana. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa kupoza kwa maji wala gesi, inategemea upepo tu. Pampu yake ni ya abiria. Usiongeze pesa kwa ajili hiyo.

Mwana_Pangani:
Nipo Hamar. Gari inalala nje, sina soketi nyumbani, nachaji mtaani. Kazini ni kilomita 18 kwenda. Wikendi nyingine nakwenda Oslo kwa shemeji na kurudi siku hiyo hiyo.

Fundi_Barafu:
Sasa tunaongea. Tuseme nyuzi 5 chini ya sifuri, betri ina uniti 50 za kutumia, na ukishapasha gari unahitaji kilowati 3 za joto mfululizo.

Ukienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, mota inakula kilowati 8 hivi. Hita ya waya inaongeza 3, jumla 11, betri inaisha kama kilomita 227. Pampu inaongeza 1.5, jumla 9.5, unafika 263. Hizo ni kilomita 36 za bure.

Oslo ni tofauti. Kwenda na kurudi ni kilomita 250 hivi, tuseme kwa wastani wa 90. Mota peke yake inakula kilowati 17, na safari ni fupi kwa saa, kwa hiyo hita inapata muda mdogo wa kula. Kwa waya utatumia uniti 56, kwa pampu 51. Betri ni 50. Zote mbili utasimama kuchaji!

Na kazini, dakika za mwanzo gari lote ni barafu, kila mfumo unakula kwa nguvu, kwa hiyo faida itakuwa ndogo kuliko hesabu yangu. Weka uniti moja kwa siku. Hata ukilipa kroni 5 kwa uniti, 35,000 hairudi leo wala kesho.

Shangazi_Wa_Malmö:
Fundi, wewe unahesabu kroni. Siku ya foleni kwenye theluji je? Gari imesimama, mota haili kitu, joto peke yake ndilo linalomaliza betri. Hapo kilowati 3 na 1.5 ni mara mbili ya muda wa kukaa na watoto ndani.

Fundi_Barafu:
Hapo sina ubishi, shangazi.

Mama_Bukavu:
Mimi naishi Kanada na nitasema yangu. Gari langu si Tesla, lina pampu na hita ya waya pamoja. Lilikwanguliwa mbele kidogo kwenye maegesho, gereji wakabadilisha bampa, wakanirudishia. Majira yote ya baridi joto lilikuwa sawa kabisa, ila betri ilikuwa inakimbia. Gereji wakaniambia ni baridi, mama, kila mtu analalamika. Mume wangu akasema naendesha vibaya. Mwishowe kijana wa jirani akakaa nami ndani, gari limesimama, akafungua ukurasa wa matumizi ya umeme, akaweka nyuzi 21. Hata baada ya ndani kupata joto, ilibaki kwenye kilowati 3 na zaidi, haishuki, na kompresa haisikiki. Gesi yote ilikuwa imevuja kwenye kiungo nyuma ya bampa. Hita ya waya ilikuwa inafanya kazi peke yake na kuficha ugonjwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kaa ndani na uangalie hiyo namba.

Fundi_Barafu:
Mama, asante sana. Ila kwenye Tesla ya 2021 hakuna pa kuficha. Hawakuweka hita kubwa ya waya ya kusaidia. Baridi ikizidi wanaiendesha kompresa kwa makusudi ili ipoteze umeme kuwa joto. Ikifa, unakaa na baridi. Februari 2022 Tesla iliita magari karibu 27,000 kule Marekani yarekebishwe kwa sababu programu ingeweza kufungua valvu vibaya, gesi ikanaswa, na kioo cha mbele kikashindwa kuondolewa ukungu na barafu. Marekebisho yalikuja kwa programu mpya. Angalia kama hiyo gari imesasishwa.

Kiti_Moto:
Unaona? Waya hauvuji gesi. 2020.

Mwana_Pangani:
Muuzaji amekubali nikakae ndani ya ya 2021 Alhamisi asubuhi ikiwa imelala nje. Ila sasa mke wangu anauliza kwa nini tusichukue dizeli.

Kiti_Moto:
Shemeji ana akili. Dizeli ipi?