Nisaidieni na barua kwa jirani: muziki wa usiku, ukuta mmoja, fleti za Donholm

MamaWaOveni

Habari zenu. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate Industrial Area, zamu ya alfajiri. Naamka saa tisa na nusu usiku ili saa kumi na moja niwe nimeshavaa aproni. Kwa hiyo nisipolala kufikia saa nne, siku yangu imeharibika, na pale mbele ya oveni usingizi ni hatari. Wiki jana niliungua mkono kwenye trei kwa sababu macho yalikuwa yanafumba yenyewe.

Jirani wa nyumba ya pili, kijana aliyehamia Februari, hupiga muziki usiku. Ukuta wa chumba changu cha kulala ndio ukuta wa sebule yake. Keateka nilimwambia mara mbili, akanijibu kwamba kila mtu amelipa nyumba yake. Sijawahi kuzozana na kijana mwenyewe. Tukikutana kwenye ngazi hunisalimia vizuri, na siku moja alinibebea mtungi wa gesi mpaka orofa ya nne. Ndiyo maana nataka kuandika badala ya kubisha mlango usiku nikiwa na hasira. Rasimu yangu ni hii:

*"Jirani, samahani sana kwa usumbufu. Sisi majirani tumechoka na kelele zako za kila usiku. Tafadhali uwe ukizima muziki kuanzia saa nne. Ukiendelea tutakupeleka kwa mwenye nyumba na kwa NEMA. Asante. Ni sisi majirani."*

Naona haijakaa sawa lakini sijui ni wapi. Nirekebishieni.

Kamau_Zimma

Dada, ondoa hiyo samahani. Sheria iko upande wako. Mpaka saa nne usiku mtu ana haki ya kupiga muziki wake, ikifika saa nne na dakika moja amevunja sheria. Mwandikie hivyo hivyo na mwisho wa mwezi atahama.

Wakili_wa_Mtaani

Kamau, sheria ipo kweli, ila saa umezikosea. Kanuni za kelele za 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ndani ya nyumba za makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35. Hicho ni kidogo sana. Chumba chenye friji inayonguruma hukifikia kwa urahisi. Mama akiandika namba hiyo kwenye barua, kijana naye anaweza kumwuliza kuhusu blenda yake ya saa mbili na nusu.

Kitu cha maana zaidi ni vile kanuni zenyewe zinavyopima kama kelele imepita kiasi. Zinaangalia saa, ukaribu wa makazi, kama kelele inajirudia, kama imeongezwa nguvu kwa mtambo, na kama mwenye kuipiga angeweza kuidhibiti bila taabu wala gharama kubwa. Mama, shikilia hilo la mwisho. Barua ikimwonyesha kijana njia rahisi ya kuidhibiti, unakuwa umemsaidia. Akikataa, barua hiyo hiyo ndiyo itakayokusimamia ukifika kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 imewapa wao jukumu la kelele. Lakini hayo yote yabaki kichwani mwako. Kwenye barua ya kwanza usiyaandike.

Njeri_Kayole

Afadhali muziki. Nyuma ya ploti yetu kuna kanisa la mabati, kesha kila Ijumaa mpaka saa kumi na moja, na spika zimeelekezwa kwetu. Mimi nimwandikie nani barua, mchungaji au mwenye ardhi? Mtoto wangu ana miezi saba.

Wakili_wa_Mtaani

Pole sana, Njeri. Fungua uzi wako nitakuja huko. Spika za nje zina njia yake, na ukizichanganya na mambo ya ukuta utapotea.

FundiMitambo

MamaWaOveni, mimi hufunga mitambo ya sauti kwenye makanisa na harusi. Kabla hujaandika chochote naomba unijibu mambo matatu. Ukiwa umelala, unasikia maneno ya wimbo au ni mdundo tu? Ukiweka kiganja ukutani, unatetemeka? Na muziki huanza saa ngapi hasa, siku gani?

MamaWaOveni

Maneno siyasikii kabisa nikiwa chumbani. Nikienda jikoni ndiko nasikia mwimbaji, kupitia dirishani. Chumbani ni duu, duu, duu. Kiganja kinatetemeka, tena nikigusa ubao wa kichwa cha kitanda ndiyo zaidi. Glasi ya maji kwenye stuli huonyesha viduara.

Nimekuwa nikiandika nyuma ya kalenda siku tisa sasa. Jumatano saa tano na robo hadi saba kasoro ishirini. Alhamisi saa tano na dakika ishirini hadi saa saba. Jumamosi saa tano mpaka saa tisa, na kulikuwa na wageni. Jumatatu, Jumanne na Ijumaa kimya. Kumbe si kila usiku kama nilivyoandika.

FundiMitambo

Basi hiyo ni besi, na inakufikia kupitia ukuta. Bila shaka ana wufa na ameiweka sakafuni, imeegemea ukuta wenu au iko kwenye kona. Kona huongeza besi bila mtu kugusa kitufe. Yeye aliyekaa kwenye kochi anaona sauti ni ya kawaida, na kusema kweli ni ya kawaida pale alipo. Ukimwandikia "kelele zako" hatakuelewa, ataona unamwonea.

Angalia pia saa zenyewe. Mtu anayeanzisha muziki saa tano na robo katikati ya wiki anaelekea kuwa ndiyo anaingia kutoka kazini. Ukimwambia azime saa nne, umemwambia asipige muziki maisha yake yote, naye hatakubali. Mwombe kitu anachoweza kufanya usiku huo huo: atoe wufa kwenye ukuta wenu aipeleke ukuta wa upande wa nje, aikalishe juu ya kipande cha godoro kizito au mpira wa tairi, na apunguze kitufe cha besi. Muziki aendelee nao.

Hayo yana mpaka wake. Godoro huzuia mtetemo unaopita sakafuni, lakini besi iliyo hewani bado itapiga ukuta. Kwa hiyo kitufe ndicho kitakachofanya kazi kubwa, godoro litasaidia tu.

Otis_254

Mimi nilibandika trei za mayai ukuta mzima na pazia zito. Jaribu hiyo, huhitaji kumwomba mtu.

FundiMitambo

Otis, trei na pazia hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba chako mwenyewe. Besi hupita kama hakuna kitu. Huenda wewe ulikuwa unasumbuliwa na mazungumzo, mapazia yakakusaidia kidogo.

Kamau_Zimma

Sawa, saa nimekubali. Lakini apime kwa simu ahifadhi picha, awe na ushahidi.

FundiMitambo

Apime, ila asiitegemee kwa jambo hili. Programu nyingi za simu hupima kwa mizani ya dBA, ambayo hufuata sikio na kupuuza besi. Mdundo wa hezi 50 hupunguziwa takriban desibeli 30. Yaani ukuta unaweza kuwa unatetemeka na simu ikakuandikia namba ya chumba kilichotulia. Akimwonyesha kijana picha hiyo, amejishinda mwenyewe. Ile kalenda ina nguvu kuliko simu.

BiMwana_Mvita

Mwanangu, mie ni wa Mombasa lakini nimekaa South B miaka kumi na minne, na barua za majirani nimeandika nyingi. Rasimu yako inaanza na samahani na inaishia na kitisho, msomaji hajui ashike lipi. Kisha "sisi majirani" ni nani? Yeye atajiona amesemwa ploti nzima, atatafuta ni nani na nani. Andika kwa jina lako na namba ya mlango wako. Na lile la mtungi wa gesi litangulie, kwa kuwa ni kweli na ndilo linaloonyesha unamwandikia mtu unayemjua.

Wakili_wa_Mtaani

Hapo kwenye jina sikubaliani sana na Bi Mwana. Mwanamke anayeishi peke yake namba ya mlango inatosha. Lakini tarehe iwepo, na upige picha nakala.

BiMwana_Mvita

Kijana anaishi ukuta wa pili na wanasalimiana kila siku. Jina analijua tayari. Barua isiyo na jina ni barua ya mtu aliyejificha.

MamaWaOveni

Nimeandika upya jana usiku. Jina nimeweka, maana kweli huniita Mama Brayo. Ni hii:

*"Kwako jirani wa mlango wa pili, habari za siku. Ni mimi Mama Brayo, wa mlango unaofuata. Sijasahau ulivyonibebea mtungi wa gesi.*

*Nakuandikia kuhusu jambo ambalo nadhani hulijui. Ukuta wa sebule yako ndio ukuta wa kitanda changu. Ukipiga muziki usiku wimbo wenyewe siusikii, ila mdundo wa besi unapita ukutani na kitanda kinatetemeka. Wiki hii ilikuwa Jumatano na Alhamisi, kuanzia kama saa tano na robo. Mimi huamka saa tisa na nusu kwenda kazini, na kazi yangu ni mbele ya oveni.*

*Sikuombi uache muziki wako. Naomba baada ya saa nne usiku upunguze besi, na kama wufa iko karibu na ukuta wetu uisogeze upande wa dirisha, juu ya kitu laini. Kipande cha godoro ninacho, nitakupa.*

*Ukiwa na nafasi siku ya mapumziko, gonga tujaribu pamoja: wewe upige, mimi nisikilize chumbani. Na kama kuna kitu kwangu kinachokusumbua, niambie. Wako jirani, Mama Brayo."*

FundiMitambo

Peleka. Mkabidhi mkononi mchana, usiiteleze chini ya mlango usiku muziki ukiwa unalia.

MamaWaOveni

Nimerudi, zimepita siku kumi. Nilimpa Jumapili akitoka kufua, akaisoma pale pale kwenye kamba. Akaniuliza, "Mama, kwani inafika huko?" Anafanya kazi hotelini mjini, hutoka saa nne usiku. Fundi, uliona mbali.

Jioni yake tulijaribu. Wufa ilikuwa kwenye kona kabisa, imegusa ukuta wetu. Akapiga, mimi nimelala, simu iko wazi kati yetu. Alipoihamishia dirishani na kuikalisha juu ya kile kipande cha godoro, viduara kwenye glasi vilipungua lakini duu ilibaki. Akashusha besi kutoka nusu hadi robo, nikanyamaza nikisikiliza mpaka akadhani simu imekatika. Hakukuwa na kitu. Alama ya kitufe ameiweka kwa rangi ya kucha niliyompa.

Jumatano na Alhamisi nimelala. Jumamosi wageni walikuja, mmoja wao akapandisha besi, na saa saba nilikuwa macho tena. Asubuhi aliniomba radhi kabla sijasema neno, lakini Jumamosi nyingine yaja na zamu yangu ya Jumapili iko pale pale. Nimwandikie tena kuhusu Jumamosi peke yake, au nimwambie kwa mdomo?

BiMwana_Mvita

Kwa mdomo, na iwe Ijumaa, kabla wageni hawajaitwa.

Wakili_wa_Mtaani

Kwa mdomo sawa, lakini Jumamosi hiyo iandike kwenye kalenda.