Ushauri: Kampuni inataka maafisa wa shamba wote watumie pikipiki za aina moja. Tuanzie wapi?

KaraniStoo
Wakuu, habari. Nasimamia stoo na pikipiki za kampuni inayonunua pamba mkoani Simiyu. Tuna pikipiki 22 za maafisa wa shamba: Boxer 150 nane, TVS HLX 125 sita, za Kichina tano za chapa mbili tofauti, na Yamaha AG200 tatu tulizoachiwa na mradi uliokwisha. Yaani stoo moja inahudumia aina tano.

Shida inaanza Desemba. Pamba imeshapandwa, maafisa wanatakiwa wawe kwa wakulima wakati wa kupiga dawa, na pikipiki zimelala uani zikisubiri spea. Rafu imejaa cheni, ila ile inayotakiwa ndiyo haipo. Bosi kasema tuchague aina moja, tuuze nyingine zote, na tununue mpya kwa mpigo kabla msimu wa kununua haujafunguliwa Mei. Mimi naona Boxer 150 kwa kuwa ndizo nyingi. Nisaidieni kabla sijasaini.

Mzee wa Gereji
Chukua Honda XL, achana na hizo za bodaboda. Miaka ya miradi tuliziendesha mpaka zikasahaulika kwenye vitabu vya mali. Injini haina kelele, inapanda mlima, inavuka mto. Pikipiki ya kazi ni pikipiki ya kazi.

Dada Msafirishaji
Mzee, injini hujakosea. Lakini mwenye uzi hasumbuliwi na injini kufa, anasumbuliwa na spea kutofika. Niliwahi kusimamia pikipiki za shirika la afya, na kuchagua tulianzia vijijini, siyo kwenye katalogi. Mkuu KaraniStoo, mtume kijana kwenye kila kituo ambako una afisa. Aingie duka la spea lililo karibu aulize vitu vitano tu: cheni na sproketi zake, kebo ya klachi, breki za nyuma, plagi, na sahani za klachi. Aandike kilichopo rafuni siku hiyo. Usikubali "ntakuagizia". Halafu aulize mafundi wa pale ni injini ipi wamewahi kuifungua wenyewe. Pikipiki inayoshinda maswali hayo kwenye vituo vingi ndiyo yako, hata kama siyo bora kuliko zote.

Sasa stoo. Tuseme kila afisa anatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Pikipiki 22 ni kilomita 33,000. Kwa vumbi na tope lenu, seti ya cheni ikifika kilomita 11,000 shukuru. Basi mnakula seti tatu kwa mwezi. Oda ikichukua mwezi mzima kufika, weka tatu za matumizi na mbili za akiba, jumla tano. Kwa aina tano mlizonazo huwezi kuweka chini ya mbili kwa kila aina, maana moja ikitoka umebaki mtupu. Hizo ni kumi, mara mbili ya pesa, na bado mwezi ambao Boxer tatu zitakata cheni kwa pamoja utakwama huku seti mbili za AG zikikutazama. Piga hesabu hiyo kwa klachi na breki, umpelekee bosi.

Kijana Bariadi
Samahani wakuu, mimi nina Boxer ya mkataba, tajiri anataka elfu kumi kwa siku na matengenezo juu yangu. Inalipa hiyo au niache?

Mzee wa Gereji
Kijana, fungua uzi wako.

Fundi wa Shinyanga
KaraniStoo, ukiamua Boxer usiandike "Boxer" kwenye oda. Watu husema Boxer ni Boxer. Kwa tyubu ni kweli, lakini pistoni ya 100 haiingii kwenye 150. Hata 150 na 150 za miaka tofauti zinaweza kupishana nyaya, kabureta au vifaa vya breki. Fungua daftari, kila pikipiki na namba yake ya chesisi na ya injini, na oda iende na namba hizo. Kubadilisha kwa mpigo nako kuna ubaya wake: zilizonunuliwa siku moja zitachoka msimu mmoja. Nunua kama nane mwaka huu, uza kwanza za Kichina, zinazofuata mwakani. AG usiziuze.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Ukishakuwa na pikipiki ileile ya bodaboda, kila spea yako ina mteja nje ya geti. Afisa analala na cheni mpya, anaamka na iliyoisha. Nimeshaletewa pikipiki ya kampuni ina klachi nzee kuliko pikipiki yenyewe. Dawa yake: hakuna spea mpya inayotoka stoo bila ya zamani kurudi, na kila mpya igongwe alama ya kampuni. Haiondoi wizi, inaupunguza.

KaraniStoo
Asante sana Dada na Fundi. Hilo la cheni kuzeeka usiku limeniingia, kuna kituo nakifikiria. Ila Fundi, kwa nini nisiuze AG? Ndizo zinazonisumbua zaidi kwa spea.

Fundi wa Shinyanga
Maafisa wako wa Meatu wanapita kwenye mbuga? Ule udongo mweusi ukilowa unajaa kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Pikipiki za barabara madigadi yake yamekaa karibu na tairi. Afisa anasimama kila baada ya hatua chache kuchokonoa kwa kijiti, anachoka, anaongeza mafuta kwa nguvu, anaunguza klachi. Kisha mnasema klachi feki. AG madigadi yake yako juu, tairi la mbele ni inchi 21, na cheni imefunikwa. Ziweke hizo tatu upande huo.

Dada Msafirishaji
Hapo tunapishana. Tatu za aina nyingine zinarudisha ugonjwa uleule stooni, tena kwa spea za kutoka mbali. Masika mfungulie afisa wa Meatu madigadi ya mbele au uyainue. Atachafuka, lakini atafika.

Fundi wa Shinyanga
Akichafuka yeye sawa. Tope likirukia injini na kujaza mapezi ya kupoozea, injini inachemka. Nimeshapokea hizo pia.

Asha_Rasilimali
Naongeza la karatasi. Angalieni leseni za maafisa wenu. Daraja A1 linaishia cc 125, na Boxer 150 inataka daraja A. HLX 125 ni cc 124.5, inapita kwa A1. Mkiwahamishia watu 150 bila kuangalia, siku ya ajali bima itauliza leseni kwanza. Na mafunzo yasiwe semina ya siku moja hotelini. Kila afisa akaze cheni mbele ya fundi, ibaki na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu katikati. Wengi wanaikaza mpaka inalia.

KaraniStoo
Duh, la leseni sikuliwaza. Nimepitia mafaili sasa hivi, kuna kadhaa wa A1. Basi kijana anaingia vituoni wiki ijayo na maswali ya Dada, kwa Boxer 150 na HLX 125 zote mbili, nitaleta majibu hapa. AG zinabaki Meatu masika hii. Dada naomba univumilie, nitafunga madigadi ya juu kwenye Boxer moja pale pale tuone ipi inalala zaidi.

Dada Msafirishaji
Sawa, ila andika na spea kila moja inazokula, siyo siku za kulala tu. Na usimpe Boxer afisa anayeipenda AG.