Programu imegeuza 3 kuwa 8, muuzaji anasema "ubora umepanda". Hizi alama za MUSIQ na LPIPS zinatudanganya!

FundiVibao (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira, naomba mnisome mpaka mwisho.

Kazini tunashughulika na picha za vibao vya mashine, vile vya chuma vyenye namba ya kiwandani. Nyingi ni ndogo, tukanunua programu ya kukuza picha mara nne. Muuzaji alikuja na jedwali: MUSIQ iko juu, LPIPS, inayotumia mtandao wa neva kupima tofauti na picha ya asili, iko chini kama inavyotakiwa, na PSNR, inayolinganisha pikseli kwa pikseli na asili na ikiwa juu ndiyo bora, ameisukuma pembeni akisema ni kipimo cha zamani kisichojua macho ya binadamu. Tukakubali.

Sasa kibao chenye 3 kimetoka na 8. Na si 8 ya ukungu. Ni 8 safi, kingo zimenyooka, hakuna mtu angeitilia shaka. Tumeigundua kwa sababu moja tu, kwamba kibao hicho tulikuwa na picha yake kubwa ya asili.

Nimemrudia muuzaji, ananijibu kwamba alama hazijashuka. Ndiyo, hazijashuka, na hapo ndipo damu inaponichemka! MUSIQ haioni picha ya asili kabisa. Inapewa picha moja na kusema inavutia kiasi gani. Itajuaje kwamba pale palikuwa na 3? Nimeipitisha picha ya asili yenyewe kwenye MUSIQ, ikapata alama ndogo kuliko ile iliyokuzwa. Kwa kipimo hicho, namba ya uongo ni bora kuliko namba ya kweli. Anayeuza programu ya kazi kama yetu kwa jedwali la namna hiyo anatuingiza hasara huku akijua. Mimi nasema turudi kwenye PSNR, basi.

Desibeli

Mkuu, hasira yako ni ya haki, ila dawa unayoitaja isingekuokoa. Tupige hesabu.

Chukua picha ya pikseli 1024 kwa 1024. Tarakimu yako imekaa kwenye pikseli 24 kwa 16, yaani 384 kati ya zaidi ya milioni moja. Tuseme kwenye picha nyingine yote wastani wa mraba wa kosa ni 60. Hiyo ni PSNR ya desibeli 30.35. Sasa haribu tarakimu vibaya kabisa, kila pikseli ikosee kwa ngazi 100. Mraba wake ni 10,000, lakini ukigawanywa kwenye picha nzima unaongeza 3.66 tu. PSNR inashuka hadi 30.09. Robo ya desibeli! Nani angeshtuka?

Kata kipande cha tarakimu peke yake ukipime tena: 8.13. Hapo hata asiyejua chochote anaona kuna balaa. Kosa lilikuwepo muda wote, wastani ndio uliolifunika.

Upande wa pili, chukua asili yenyewe uongeze mwanga wa picha nzima kwa ngazi 10. Namba zote zinasomeka vilevile, lakini PSNR ni 28.13. Kwa hiyo ukichagua kwa PSNR ya picha nzima, ile yenye tarakimu ya uongo inaishinda ile iliyong'aa kidogo.

MpigaPicha_K

Mimi nasafisha picha za watu, na nampinga mwanzisha uzi. Modeli niliyoichagua kwa PSNR ilinitolea nyuso kama zimepakwa nta, ngozi haina vinyweleo. Wateja walizikataa. Ya GAN, ile inayofunzwa kuchora vitu vyenye sura ya kweli, ilikuwa na PSNR ndogo na wateja wakaipenda. PSNR haina maana yoyote, iachwe.

Desibeli

Haina maana kwa kazi yako, hapo tuko pamoja. Lakini angalia ile nta inatoka wapi, maana ndiyo inayoeleza tatizo la FundiVibao.

Picha ndogo ikiwa haitoshi kuamua kama ni 3 au 8, mstari wa kushoto unaweza kuwa mweusi, 0, au mweupe, 255, nusu kwa nusu. Modeli iliyofunzwa kupunguza mraba wa kosa itaweka 127.5, kijivu, na kosa lake ni kama 16,256. Modeli inayolazimishwa kuchora kitu chenye sura ya kweli itachagua upande mmoja, itakosea nusu ya nyakati, na wastani wa kosa unakuwa kama 32,512. Mara mbili kamili, yaani desibeli 3. Blau na Michaeli waliuandikia mvutano huu mwaka 2018. Kwenye uso, kijivu kile ni nta. Kwenye kibao, kijivu kile ni modeli ikikuambia haijui. Programu yako imeondoa shaka kwenye picha bila kuiondoa kwenye habari.

kodi_usiku

Mbona mnazunguka? LPIPS inaona picha ya asili, tofauti na MUSIQ. Tumieni LPIPS peke yake, yamekwisha.

Desibeli

Nusu ya hilo ni kweli. LPIPS inalinganisha na asili, na kwenye ukungu inakaribia jicho la mtu kuliko PSNR. Lakini mwisho wake nayo inachukua wastani wa picha nzima, kwa hiyo ugonjwa wa robo desibeli unao pia. Halafu imepimwa kwa hukumu za watu juu ya vipande vya pikseli 64 kwa 64, wakiulizwa kipi kinafanana zaidi na asili. Hawakuulizwa kama namba inasomeka sawa.

FundiVibao, usiichukue ile namba moja, chukua ramani yake:

```python
import lpips
f = lpips.LPIPS(net='alex', spatial=True)
ramani = f(asili, tokeo)  # asili na tokeo ziwe na thamani -1 hadi 1
```

Ukiingiza picha za 0 hadi 1, weka `normalize=True`, la sivyo namba zinapotoka kimyakimya. Na muulize muuzaji: modeli ilifunzwa kwa LPIPS yenyewe kama kosa la mafunzo? Modeli nyingi hufunzwa hivyo. Ikiwa ndivyo, alama ile ni ya mwanafunzi aliyeonyeshwa mtihani jana.

Zawadi_22

Samahani, kwa hiyo PSNR ikizidi 30 picha yangu ya simu ya usiku ni nzuri? Nataka kujua kamera ipi ninunue.

FundiVibao

Dada, PSNR inahitaji picha ya asili ya kulinganisha, na picha ya usiku huna asili yake. Hapo utabaki na vipimo visivyohitaji asili kama NIQE au MUSIQ, na NIQE imejengwa juu ya takwimu za picha safi za kawaida. Anga jeusi tupu halifanani nazo, usiiamini sana.

Desibeli, nimeikata tarakimu nikaipima: PSNR imeporomoka, na kwenye ramani LPIPS yake imepanda. Kumbe muuzaji angeweza kuliona hili kabla ya kutuuzia! Ila vibao vyetu vingi havina asili kubwa. Huko nifanyeje?

kodi_usiku

Punguza tokeo mara nne ulilinganishe na picha uliyoingiza. Zikitofautiana, programu imezua.

Desibeli

Fanya, inakamata uzushi mkubwa. Lakini 3 na 8 zikipunguzwa zinaweza kutoa pikseli zilezile kabisa, na hapo kipimo kitapita vizuri huku namba ni ya uongo. Kama programu inakubali kubadilisha mbegu ya bahati nasibu, iendeshe mara kadhaa. Tarakimu ikibadilika kati ya matokeo, habari haimo kwenye picha.

FundiVibao

Haina sehemu ya kubadilisha mbegu. Inatoa jibu moja tu, kila mara lilelile.

MpigaPicha_K

Ongeza kelele, yaani chembe za nasibu, kidogo sana kwenye picha kabla ya kuiingiza, uone kama 8 inabaki 8.

Desibeli

Ikibadilika, umepata ushahidi. Ikibaki, bado hujathibitisha kitu, maana modeli inaweza kuipenda 8 kwa mazoea ya mafunzo yake. Vibao hivyo visivyo na asili mimi ningevisoma kwa macho kwenye picha ndogo ileile, na pasiposomeka ningeandika "haisomeki".