Naomba ushauri: tahadhari kabla ya ufunguo wa API kuisha muda

Wakuu, naomba msaada. Nina kazi ya kuhifadhi nakala za data inayojiendesha tarehe 1 ya kila mwezi. Safari hii iliamka ikapokewa na `401 Unauthorized`. Ufunguo uliisha muda tarehe 20, na nakala ya mwezi mzima sina.

Kosa nimeliona: onyo la siku 7 nililiweka ndani ya kazi hiyohiyo. Tarehe 1 ya mwezi uliopita zilibaki siku 19, ikanyamaza. Iliporudi, ufunguo ulishakufa.

Sasa nataka skripti ya pembeni ikague kila siku, ionye zikibaki siku 30. Ila funguo nyingine hazionyeshi tarehe ya mwisho. Hizo mnaziwekea kumbukumbu wapi? Na ufunguo mpya mnaujaribuje kabla ya kufuta wa zamani?