Ukiritimba na ushindani kamili kwenye mtihani: aliyeandika "inategemea" akatwe alama?

Zuhura: Swali lilisema hivi: soko lina mahitaji P = 120 − Q, na gharama ya kuzalisha kila kipande ni 20, haibadiliki. Linganisha bei na kiasi chini ya ushindani kamili na chini ya ukiritimba. Mimi nimeandika ukiritimba una bei kubwa na kiasi kidogo, nikapata alama zote. Rafiki yangu kaongeza kwamba ukiritimba unaweza kuwa na nafuu kwa jamii, inategemea. Kakatwa. Ni haki?

Baraka: Haki kabisa. Umepewa namba, jibu kwa namba. Kwenye ushindani bei inashuka mpaka kwenye gharama, yaani 20, na kiasi ni 100. Mkiritimba anatafuta pale mapato ya nyongeza yanapokutana na gharama, 120 − 2Q = 20, anapata 50. Bei 20, kiasi 50. Maneno ya "inategemea" ni ya mtu asiyejua kukokotoa.

Mwl. Kasimu: Baraka, kiasi umepatia, bei umeikosa, na nikisahihisha karatasi hilo ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Pale mistari miwili inapokatana unasoma kiasi tu. Bei inasomwa juu yake, kwenye mstari wa mahitaji: 120 − 50 = 70. Jipime mwenyewe: irudishe 20 yako kwenye mahitaji uone inasemaje. Inasema watu wanataka vipande 100, na wewe umeleta 50. Wanunuzi wa nusu nzima wanaondoka mikono mitupu, na muuzaji anawatazama tu bila kupandisha bei? Bei na kiasi ulivyoandika visipokaa pamoja kwenye mstari wa mahitaji, ujue kuna mahali umeteleza.

Baraka: Sawa mwalimu, 70. Bado rafiki yake Zuhura kakosea.

Zuhura: Mwalimu, hapo mimi nimekariri tu. Kipande cha 51 kingeuzwa 69 na kukitengeneza ni 20. Kuna 49 mezani. Kwa nini mkiritimba aiache?

Mwl. Kasimu: Kwa sababu hawezi kuuza hicho kimoja kwa 69 na vingine 50 viendelee kuuzwa 70. Bei ni moja kwa wote. Vipande 50 kwa 70 vinaleta 3,500. Vipande 51 kwa 69 vinaleta 3,519. Kwa hiyo kipande kipya kimemwongezea 19 tu, maana ile 69 aliyopokea imepunguzwa na shilingi moja moja aliyopoteza kwenye vile 50 vya mwanzo. Gharama ni 20, amekula hasara ya 1. Sasa rudi nyuma: vipande 49 kwa 71 ni 3,479, hivyo kipande cha 50 kilimletea 21. Hicho kinalipa, cha 51 hakilipi. Muuzaji mdogo kwenye ushindani hana hesabu hiyo, kwani akiongeza kimoja bei ya soko haitikisiki, naye anaendelea kuuza maadamu bei inafunika gharama.

Bi Rehema: Mimi niko mamlaka ya maji. Tuko peke yetu, mshindani hayupo, na bei hatujapandisha hata siku moja kwa kujiamulia, tunapangiwa na mdhibiti. Hayo ya 70 ni ya darasani.

Mwl. Kasimu: Dada Rehema, swali la Zuhura halina mdhibiti ndani yake, ila umeleta jambo ambalo wanafunzi hulijibu kinyume. Tuseme kwenye soko hilihili mdhibiti anaweka kikomo cha 40. Wengi wataandika kwamba bidhaa zitaadimika, kwa sababu ndivyo inavyokuwa kwenye ushindani ukiweka kikomo chini ya bei ya soko. Kwa mkiritimba kiasi kinapanda kutoka 50 hadi 80. Akishazuiwa kuvuka 40, kuuza kipande kimoja zaidi hakumlazimu tena kushusha bei ya vile vya kwanza, basi anasukuma mpaka wanunuzi wa 40 waishe.

Bi Rehema: Na kwa nini wasituwekee 20 moja kwa moja?

Mwl. Kasimu: Kwa namba za Zuhura wangeweza. Kwenu kuna mabomba na mitambo ya kulipia hata kabla ya tone la kwanza kutoka, na bei inayolingana na gharama ya tone la nyongeza hairudishi fedha hiyo. Hilo ni swali refu.

Tumaini: Naomba nimtetee rafiki. Mnalinganisha kana kwamba gharama ya mkiritimba lazima iwe ileile ya wale wadogo. Oliver Williamson mwaka 1968 alionesha kuwa kampuni zikiungana na gharama ikashuka, jamii inaweza kupata nafuu hata kama bei imepanda. Tujaribu hapahapa. Gharama ya mkiritimba ishuke iwe 4. Atazalisha 58 na kuuza 62. Jamii imekosa vipande 42 ambavyo ushindani ungevitoa, na thamani iliyopotea hapo ni nusu ya 42 mara 42, yaani 882. Lakini kila kimoja kati ya vile 58 kimetengenezwa kwa 16 pungufu, jumla 928. Nafuu ya 46. Kidogo, lakini ipo.

Baraka: Na ikishuka hadi 10?

Tumaini: Hapo anashindwa. Anauza 55 kwa 65, anaokoa 550 na jamii inapoteza 1,012.5. Ndiyo maana neno ni "inategemea".

Baraka: Subiri kwanza. Hiyo nafuu ya 46 imeenda kwa nani? Kwenye ushindani wanunuzi walikuwa na ziada ya 5,000, nusu ya 100 mara 100. Kwa mkiritimba wako wamebaki na 1,682, na yeye kaondoka na 3,364. Mnunuzi analipa mara tatu na zaidi, halafu unamwambia jamii imefaidika?

Tumaini: Jumla imeongezeka. Mgawanyo ni hoja nyingine.

Baraka: Kwa anayelipa 62 si hoja nyingine hata kidogo. Tena soko hili hata gharama ikiwa sifuri mkiritimba atauza 60. Kwenye bei na kiasi, ambavyo ndivyo swali liliuliza, hakuna "inategemea" yoyote.

Mwl. Kasimu: Hapo Baraka umesema. Swali ni bei na kiasi, nafuu ya jamii haikuulizwa. Kinachonisumbua ni neno "haibadiliki". Mimi nalisoma kwamba gharama haibadiliki kiasi kikiongezeka. Halisemi kwamba ni ileile kwenye masoko yote mawili. Mtunzi angeandika wazi.

Baraka: Gharama imetajwa mara moja kwa soko moja. Unatoa wapi gharama ya pili?

Zuhura: Nimemuuliza rafiki. Anasema 20 na 100, 70 na 50 alizipata zote, halafu akaandika sentensi moja: "ila ukiritimba unaweza kuwa na gharama ndogo." Hakuweka hesabu.

Tumaini: Basi alama zake zote arudishiwe. Jibu analo, na sentensi ni ya kweli.

Mwl. Kasimu: Za bei na kiasi arudishiwe bila mjadala. Ya nyongeza nisingempa, gharama ndogo kiasi gani? 10 au 4?

Tumaini: Kutompa ya nyongeza sawa. Kumkata kwa sentensi ya kweli, kwa mwongozo upi?